Miezi baada ya kidonge cha mwisho: mwongozo kwa aliyeachishwa amiodaroni

Jioni moja ya mwezi wa tano binti alifika kwenye duka la dawa ninapofanya kazi, huku Mbagala, akiwa na haraka ya kuwahi daladala.

"Dada, naomba dawa mseto ya mtu mzima. Ya baba."

"Anaumwa nini mzee?"

"Homa, na viungo vinamuuma. Tangu jana."

"Amepima?"

"Bado. Ila ni malaria tu, tunamjua."

"Kuna dawa nyingine anayotumia?"

"Ile ya kuzuia damu isigande, na za tezi. Ya moyo walimwachisha tangu mwezi wa pili."

Nikamwomba anipigie baba yake simu, anisomee jina la hiyo dawa ya moyo. Mzee akaenda kulitafuta boksi tupu alilokuwa amelihifadhi, akarudi akanisomea herufi kwa herufi: amiodaroni, miligramu 200. Nikazirudisha kwenye rafu zile tembe 24 za mseto, nikamwambia binti ampeleke mzee hospitali usiku uleule, apimwe malaria na apimwe umeme wa moyo kabla ya kumeza chochote.

Yule binti hakukosea kwa uzembe. Alisema kile ambacho karibu kila mtu angesema: dawa imeachwa, basi haipo. Kwa dawa nyingi ni kweli, maana zikiachwa huisha mwilini ndani ya siku chache. Amiodaroni haiendi hivyo, na mwongozo huu ni wa wewe uliyeachishwa dawa hii, au unayemuuguza mtu aliyeachishwa.

Kwanza elewa ilikojificha

Amiodaroni hupenda mafuta. Mtu akiimeza kila siku kwa miezi, haibaki kwenye damu peke yake. Inazama kwenye mafuta ya mwili, kwenye ini, kwenye mapafu na kwenye moyo wenyewe. Fikiria chungu kilichopikiwa samaki wa mafuta mwaka mzima. Ukiacha kupika samaki leo, ukakisugua na kuchemshia maji matupu, bado utaona vijiduara vya mafuta vinaelea juu. Mwili nao unaitoa amiodaroni kidogo kidogo, kutoka kwenye mafuta kuingia kwenye damu, na ile inayoingia kwenye damu bado inafanya kazi.

Kwa wengi, nusu ya akiba hiyo huchukua karibu siku 50 hadi 60 kuondoka. Wengine ni mwezi mmoja, wengine ni zaidi ya siku 100. Tuchukue miezi miwili kwa hesabu rahisi. Ukimeza kidonge cha mwisho mwezi wa pili, mwezi wa nne una nusu ya akiba, mwezi wa sita una robo, mwezi wa nane una sehemu moja ya nane. Yule mzee alipopata homa mwezi wa tano alikuwa bado amebeba zaidi ya theluthi moja ya amiodaroni aliyokuwa nayo siku aliyoacha.

Neno moja kabla ya hatua: usijiachishe mwenyewe. Dawa hii hupewa watu ambao moyo wao unadunda bila mpangilio kwa namna ya hatari, au ambao dawa nyepesi zimeshindwa kuwatuliza. Uamuzi wa kuacha ni wa daktari wa moyo anayekuhudumia.

Hatua ya 1: Andika tarehe, na ukate kadi

Siku unayoachishwa, andika kwenye daftari lako la kliniki mambo matatu: tarehe ya kidonge cha mwisho, dozi uliyokuwa unameza, na umeitumia kwa muda gani. Kisha kata karatasi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, andika: "Nilitumia AMIODARONE hadi tarehe fulani. Bado imo mwilini mwangu." Weka tarehe yenyewe. Jina liandike kama lilivyo kwenye boksi, maana ndivyo mfamasia au daktari atakavyolitambua. Kadi ikae kwenye pochi, pamoja na kitambulisho cha bima.

Kadi hiyo utaionyesha kwa kila atakayekupa dawa, hata ya mafua. Ukipangiwa upasuaji, mpe na mtu wa nusu kaputi, kwa sababu masalia ya amiodaroni yanaweza kuufanya moyo upunguze mwendo na shinikizo la damu lishuke ukiwa umelazwa mezani. Swali la kawaida la hospitali ni "unatumia dawa gani?" na wewe kwa haki kabisa utajibu "hakuna." Kadi inajibu lile swali ambalo hukuulizwa.

Hatua ya 2: Kama unatumia warfarini, hesabu inageuka

Hapa ndipo nataka tukae muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia pande zote mbili.

Ini lina kimeng'enya cha kuivunja warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Amiodaroni inakizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo warfarini inarundikana na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Ndiyo maana mtu anapoanzishwa amiodaroni, dozi ya warfarini hupunguzwa kwa theluthi moja hadi nusu. Kizuizi hicho hakiji mara moja, hujijenga kwa wiki kadhaa, na hakiondoki mara moja vilevile. Ukiacha amiodaroni, ini linaanza kupata nguvu yake taratibu, na dozi ileile ndogo ya warfarini iliyokuwa inakutosha inakuwa haitoshi tena. INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, inateremka mwezi hadi mwezi bila wewe kuhisi chochote. Damu inarudi kuganda, na bonge likitoka kwenye moyo likakimbilia ubongo, ni kiharusi.

Nikuonyeshe kwa mzee wetu. Ana miaka 64, ana mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, na INR yake inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Kabla ya amiodaroni alikuwa anameza warfarini kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku, yaani 35 kwa wiki, na INR ilikuwa 2.4. Alipoanza amiodaroni, INR ilipanda polepole hadi wiki ya saba ikafika 4.1. Dozi ikashushwa hadi nusu kidonge kila siku, 17.5 kwa wiki, na akatulia hivyo zaidi ya mwaka.

Kisha mwezi wa pili INR ikaruka hadi 5.2 bila dozi kubadilika. Hakuwa amekosea kumeza, na hakuwa na dawa mpya. Daktari hakuishia kupunguza warfarini, akaagiza kipimo cha TSH, kinachoonyesha jinsi tezi ya thairoidi ya shingoni inavyofanya kazi. Tutarudi kwenye jibu lake katika hatua ya 3, ila jua kwamba INR inayoruka bila sababu kwa mtu wa amiodaroni mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya tezi kuharibika. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, mwili unazitumia haraka protini za kugandisha damu, na warfarini inaonekana kali zaidi.

Amiodaroni ikasitishwa. Warfarini ikasimamishwa siku mbili, kisha akaanza na 15 kwa wiki: nusu kidonge siku sita, siku ya saba anapumzika. Kuanzia hapo alipima kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, kisha kila wiki mbili. Mwezi wa tatu INR ilikuwa 2.6. Mwezi wa nne ikawa 1.8, akarudishwa 17.5. Mwezi wa sita 1.7, akapandishwa hadi 20: nusu kidonge siku sita na kizima Jumapili. Mwezi wa nane 1.6, akafika 22.5. Angalia jinsi dozi inavyopanda: hatua ndogo ndogo, kisha INR ikiteremka wanaongeza tena. Mtu aliyeambiwa "INR yako nzuri, rudi baada ya miezi mitatu" mwezi ule wa tatu angekaa chini ya 2 majira yote ya kipupwe bila kujua.

Kwa hiyo fanya hivi. Baada ya kidonge cha mwisho, omba upimwe INR kila wiki au kila wiki mbili kwa miezi minne ya mwanzo, kisha angalau kila mwezi hadi dozi ikae mahali pamoja mara tatu mfululizo. Andika matokeo na dozi kwenye ukurasa mmoja, mstari chini ya mstari, ili mwelekeo uonekane kwa jicho. Usipandishe dozi mwenyewe. Ukiona choo cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, fizi zinazovuja bila kukoma, au umegonga kichwa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au maneno yakikwama, nenda vivyo hivyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wanaotumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, wana hesabu ya namna hiyohiyo. Dozi yao hupunguzwa karibu nusu wanapoanza amiodaroni, na inahitaji kuangaliwa upya amiodaroni inapoisha.

Hatua ya 3: Tezi ya shingo, hadi mwaka upite

Wengi tunaijua iodini kupitia chumvi. Kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200 kina iodini karibu miligramu 75, na kati ya hizo mwili huachilia karibu miligramu 6 kila siku. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 0.15 tu. Tezi ya thairoidi inamwagiwa mafuriko. Tezi nyingine zinazimika, nyingine zinawaka, na nyingine zinaharibiwa na dawa yenyewe hadi homoni zilizohifadhiwa ndani zinamwagika kwenye damu. Kwa kuwa iodini inaendelea kuvuja kutoka kwenye akiba, yote haya yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya kuacha, kwa mtu ambaye alipokuwa anameza dawa alikuwa salama.

Mzee wetu TSH yake ilikuwa chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kusoma, na T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa juu. Tezi imewaka. Familia ilikuwa imeona kwamba anakonda ingawa anamaliza sahani, na kwamba kikombe cha chai kinatikisika mkononi hadi anakishika kwa mikono miwili. Wakadhani ni sukari. Daktari hakuweza kutofautisha mara moja kama ni mafuriko ya iodini au tezi iliyoharibika, jambo ambalo ni la kawaida, kwa hiyo akampa dawa za aina zote mbili kwa pamoja: kabimazoli ya kuzuia tezi kutengeneza homoni, na prednisoloni ya kutuliza uvimbe. Tezi ilipotulia, warfarini nayo ilipoteza ule ukali wa ziada, na hiyo ilikuwa sababu ya pili ya INR kushuka tangu mwezi wa tatu.

Jambo linalowashangaza wengi: amiodaroni yenyewe hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo inaweza kuficha dalili za tezi iliyowaka. Inapoanza kuisha, pazia linafunguka. Moyo unaanza kwenda mbio, na mgonjwa anaamini ugonjwa wake wa zamani umerudi kwa sababu ameacha dawa. Inawezekana ni hivyo. Lakini kabla ya kukubali, omba TSH.

Upande wa pili ni tezi iliyozimika, na katika joto la Dar es Salaam dalili yake inajitangaza: mtu anajifunika shuka zito mwezi wa Januari, feni imezimwa. Uso unavimba, choo kigumu, sauti inakuwa nzito, usingizi hauishi. Hii hutibiwa kwa levothairoksini. Kama unatumia warfarini, mwambie anayekupima INR siku unayoianza, kwa kuwa tezi ikirudi sawa warfarini inakuwa na nguvu zaidi.

Ratiba kwa asiye na dalili: TSH siku ya kuacha, miezi 6 baadaye, na miezi 12 baadaye. Mwenye dalili asisubiri ratiba. Chumvi ya kawaida ya madini joto usiiache, kiasi chake ni kidogo mno kulinganisha na akiba uliyonayo.

Hatua ya 4: Kikohozi ambacho si cha TB

Mapafu ndiyo sehemu ninayoiogopa zaidi. Dawa inawasha uvimbe ndani ya mapafu, na uvimbe usipotibiwa unaacha kovu lisilofutika. Dalili ni kikohozi kikavu, pumzi kukata, homa ndogo na kukonda. Soma tena orodha hiyo. Kwa mji wetu, kila mtu akiisikia atasema TB, au nimonia, au moyo umejaa maji.

Kupima makohozi ni sahihi, TB ipo na lazima itafutwe. Hatari inakuja pale makohozi hayaonyeshi kitu, halafu mgonjwa anaanzishwa dawa za TB kwa kubahatisha bila mtu kujua kuhusu amiodaroni. Anapoteza wiki za matibabu ya mapafu. Na kama anatumia warfarini, rifampisini iliyomo kwenye dawa hizo za TB inalisukuma ini upande wa pili kabisa, INR inaanguka vibaya.

Kipimo cha nyumbani ni ngazi. Chagua ngazi moja unayoipanda kila wiki, iwe ya ghorofa unapofanya kazi au ya daraja la waenda kwa miguu la Manzese, na uangalie unasimama mara ngapi. Ukianza kusimama mahali ambapo mwezi uliopita hukusimama, hiyo ni taarifa ya kupeleka kwa daktari, hata kama kikohozi ni kidogo. Beba eksirei ya kifua uliyopigwa kabla ya kuanza dawa, au kabla ya kuiacha, ili walinganishe. Eksirei ikiacha shaka, siti skani ya kifua inaonyesha zaidi.

Tatizo hili la mapafu likithibitika, tiba ni kuacha amiodaroni kama hujaiacha, na mara nyingi prednisoloni kwa miezi. Usiikatishe ukijisikia nafuu baada ya wiki tatu. Dawa bado imo kwenye mapafu yako, na ukipunguza mapema uvimbe unarudi.

Hatua ya 5: Kaunta ya duka la dawa

Turudi kwa yule binti. Amiodaroni hurefusha muda ambao moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata. Dawa mseto ya malaria, ile ya atemeta na lumefantrini, nayo inaweza kufanya hivyo. Zikikutana, moyo unaweza kuingia kwenye mdundo wa ghasia unaomwangusha mtu ghafla, hasa akiwa ametapika au ameharisha hadi madini ya potasiamu yakapungua. Kwinini ni vilevile. Malaria haiachwi bila tiba, inaua. Lakini kwa mtu mwenye kadi hii ipimwe kwanza, na kama ipo, dawa ichaguliwe na daktari huku ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ikiangaliwa.

Baba yake hakuwa na malaria. Kipimo kilikuwa safi, mkojo ndio ulikuwa na maambukizi. Na hapo kuna mtego wa pili, kwa sababu kwa UTI watu huja kuomba siprofloksasini kwa jina, kama wanavyoomba azithromaisini kwa kifua. Zote mbili zinagusa umeme wa moyo, na siprofloksasini inapandisha INR juu yake. Daktari alichagua antibayotiki nyingine, na bado akaagiza INR irudiwe baada ya siku nne, maana karibu antibayotiki yoyote inaweza kuisogeza.

Dawa nyingine tatu za kuulizia kabla hujazimeza: simvastatini ya mafuta ya damu, ambayo isizidi miligramu 20 ukiwa bado na amiodaroni mwilini; flukonazoli ya fangasi; na sofosbuvia ya homa ya ini aina ya C, ambayo ikikutana na amiodaroni imewahi kuusimamisha moyo.

Ukihisi kizunguzungu cha ghafla, ukazimia hata kwa sekunde chache, au mapigo yakashuka chini ya 50 kwa dakika, usisubiri asubuhi.

Hatua ya 6: Lini ufute jina kwenye kadi

Mwezi wa 12 baada ya kidonge cha mwisho, nenda na daftari lako kwa daktari wa moyo. Anachoangalia ni kama TSH iko sawa, kama warfarini imekaa dozi moja kwa vipimo vitatu, na kama ngazi yako haijabadilika. Aliyetumia miaka mingi, au mwenye mwili mnene, anaweza kuambiwa aongeze miezi.

Mzee wetu alirudi mwezi wa pili uliofuata. Warfarini yake ilikuwa imefika 30 kwa wiki, kidonge kizima siku tano na nusu siku mbili, INR 2.5. TSH ilikuwa sawa, kabimazoli ameshaiacha. Daktari alichora mstari mmoja juu ya neno AMIODARONE, akaandika tarehe pembeni, akamwambia kadi asiitupe, kwa sababu tezi iliyowahi kuwaka ni habari ambayo daktari wa kesho atahitaji kuisoma.